Sikwenda, Hatukuja, Haijafika: Maneno ya Kukanusha Katika Ujumbe Mfupi

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya maneno matatu madogo ambayo kila mtu wa Unguja huyatamka tangu utotoni, na ambayo wengi wetu tukishika kalamu huyaandika vibaya. Maneno hayo ni sikwenda, hatukuja na haijafika. Tutaanza na kisa, kisha tutaeleza kanuni, na mwisho tutarudi kwenye kisa chetu tukisahihishe.

Kijana mmoja akaaye Mji Mkongwe alikuwa na mjomba wake Kizimkazi, mvuvi mwenye mashua. Mjomba alikuwa ameagiza injini ya mashua kutoka Tanga, iletwe kwa jahazi mpaka bandari ya Malindi. Akamwagiza mpwawe aende Malindi siku ya Ijumaa aipokee, kisha yeye na nduguye waje nayo Kizimkazi siku hiyo hiyo. Ijumaa ilipofika, kijana akashikwa na homa, asiweze kutoka nyumbani. Jumamosi alipata nafuu, akateremka bandarini kuulizia. Akaambiwa ya kuwa jahazi lingali Tanga, lasubiri upepo, na injini imo ndani yake. Basi akaandika kikaratasi, akampa dereva wa gari la shamba ampelekee mjomba wake. Maneno yake yalikuwa haya:

“Mjomba, shikamoo. Ijumaa sijaenda Malindi, nilikuwa na homa. Kwa hiyo mimi na ndugu yangu hatujaja. Leo nimeulizia, injini haikufika. Wasalaam.”

Ujumbe huu ni mfupi, na kijana aliuandika kwa nia njema. Lakini tazameni jinsi mjomba alivyousoma. Aliposoma “hatujaja,” alifahamu ya kuwa vijana wangali njiani au wangali na nia ya kuja siku ile. Akaagiza chakula kipikwe, na watu wa nyumbani wakakesha wakiwangoja. Aliposoma “injini haikufika,” alifahamu ya kuwa jahazi limekwisha kuja na injini haikuwamo. Maana neno hilo lasema ya kuwa jambo limekwisha, hapana la kungojea tena. Basi asubuhi yake akaenda kwa mvuvi mwingine, akakodi injini kwa mwezi mzima, akatoa fedha kabisa mkononi. Jumatatu jahazi likatia nanga Malindi, na injini ilikuwamo, nzima. Fedha ya kukodi haikurudishwa.

Kijana hakusema uwongo hata kidogo. Mambo yote matatu aliyoyaandika yalikuwa ya kweli. Ila kila moja alilivika nguo ya mwenzake. Alitaka kusema hivi:

“Mjomba, shikamoo. Ijumaa sikwenda Malindi, nilikuwa na homa. Kwa hiyo mimi na ndugu yangu hatukuja. Leo nimeulizia, injini haijafika. Wasalaam.”

Maneno yaliyobadilika ni matatu tu. Na sasa tueleze kwa nini.

Kwanza tutazame sikwenda na hatukuja. Haya yote mawili hukanusha jambo la wakati uliopita, yaani wakati wa -li-. Mtu husema “nilikwenda”; akikanusha husema “sikwenda.” Husema “tulikuja”; akikanusha husema “hatukuja.” Mwaona ya kuwa ile -li- imetoweka, na mahali pake pameingia -ku-. Hii ndiyo alama ya kukanusha wakati uliopita: -li- huondoka, -ku- hukaa.

Wanafunzi wengi hushindwa kuishika kanuni hii kwa sababu katika “sikwenda” hawaioni hiyo -ku-, na katika “hatukuja” hawajui kama ni alama ya wakati au ni sehemu ya kitendo. Tutawapa njia nyepesi. Chukueni jina la kitendo kama lilivyo: kwenda, kuja, kufika, kula, kuona, kuanza. Kisha tangulizeni kiambishi cha mwenye kutenda pamoja na ukanusho wake: si-, hatu-, hai-, hawa-. Mkiunganisha tu, mmekwisha pata neno kamili. Si- na kwenda ni sikwenda. Hatu- na kuja ni hatukuja. Hai- na kufika ni haikufika. Hawa- na kula ni hawakula. Si- na kuona ni sikuona. Njia hii haipotezi, kwa vitendo virefu na kwa vifupi.

Kwa njia hii tutafahamu pia kwa nini twasema “sikwenda” lakini hatusemi “sikwona” wala “sikwanza.” Jina la kitendo ni kwenda, nalo lina kw- tangu asili; bali kuona na kuanza yana ku- wazi, basi ni sikuona na sikuanza. Mwenziwe kwenda ni kwisha: kazi haikwisha, maneno hayakwisha. Wako waandishi wengi waandikao “sikuenda,” nao hawakukosa, kwani maana ni ile ile, lakini sikio la mtu wa mjini Unguja limezoea “sikwenda.” Lililo kosa ni “sikukwenda.” Hapo -ku- imetiwa mara mbili, nayo yatosha moja.

Kosa hilo hilo huonekana katika “hatukukuja.” Mwandishi hufikiri ya kuwa -ku- moja ni ya kukanusha na ya pili ni ya kitendo kuja, kwa sababu katika “tulikuja” ile ku- ya kitendo ilibaki. Ni kweli ilibaki, kwa kuwa kitendo -ja ni kifupi mno, nacho baada ya -li- huhitaji cha kukiegemeza. Lakini katika kukanusha, -ku- ya wakati yenyewe hufanya kazi hiyo ya kuegemeza, na nyingine haitakiwi. Kwa hiyo: tulikuja, hatukuja, alikula, hakula, walikunywa, hawakunywa.

Hata hivyo, mkiona mahali pameandikwa “hatukukuona,” msikimbilie kufuta. Hapo -ku- ya kwanza ni ya wakati, na ya pili ni wewe unayeonwa. “Hatukuona” ni kusema ya kuwa hatukuona kitu. “Hatukukuona” ni kusema ya kuwa wewe ndiwe tusiyekuona. Basi mtu akitaka kujua kama -ku- ya pili ina haki ya kukaa, na ajiulize: je, ndani ya neno hili yumo “wewe”? Kama yumo, iacheni. Kama hayumo, wala -ku- hiyo si ya mzizi wa kitendo kama katika “kukubali,” ifuteni.

Sasa tuje kwenye neno la tatu, haijafika, ambalo ndilo lililomgharimu mjomba fedha yake. Hili halikanushi “ilifika,” bali lakanusha “imefika.” Alama ya -me- huondoka, na mahali pake huingia -ja-. Imefika, haijafika, tumekula, hatujala, wamelala, hawajalala. Na maana yake si kwamba jambo halikutokea basi. Maana yake ni kwamba mpaka saa hii ya kusema jambo halijatokea, na mlango ungali wazi. Ndiyo sababu neno “bado” hupenda kufuatana nalo: barua bado haijafika.

Njia nzuri ya kuchagua baina ya -ku- na -ja- ni kujiuliza swali ambalo sentensi yako yalijibu. Mtu akikuuliza, “Je, injini imefika?” nawe waingoja, jibu ni “La, haijafika.” Akikuuliza, “Je, injini ilifika Ijumaa?” jibu ni “La, haikufika.” Swali la -me- hujibiwa kwa -ja- maadamu jambo lingali lawezekana; swali la -li- hujibiwa kwa -ku-. Na ikiwa ameuliza kwa -me-, nawe wajua ya kuwa tumaini limekatika, kwa mfano jahazi limekuja tupu, basi ni haki kumjibu kwa -ku-: “La, haikufika.” Kwa jibu hilo umemwambia mambo mawili kwa neno moja: kwamba haipo, na kwamba asiingoje.

Njia ya pili ni kutazama neno la siku lililo karibu. Ukitaja siku iliyopita na kufungwa, kama jana, juzi, Ijumaa au mwaka jana, -ja- haikai vizuri. “Ijumaa sijaenda Malindi” ni sentensi iliyovunjika kiuno: Ijumaa imepita, wala mtu hawezi tena kwenda siku ile. Semeni “Ijumaa sikwenda.” Lakini mkitangulizia neno “tangu,” mambo hugeuka, maana “tangu Ijumaa” ni muda ulioanza siku ile na unaofika mpaka sasa. Basi “tangu Ijumaa sijaenda Malindi” ni maneno safi. Hali kadhalika “mpaka sasa” na “hata leo” hupatana na -ja-.

Pana mahali pawili ambapo -ja- huingia katika habari iliyopita, nasi twapataja ili msije mkadhani ya kuwa kanuni yetu imevunjika. Pa kwanza ni baada ya neno “kabla”: “Aliondoka kabla injini haijafika.” Pa pili ni pale inapotanguliwa na “kuwa”: “Jumamosi injini ilikuwa haijafika.” Katika sentensi hizi twajiweka katika saa ile ile iliyopita, twatazama mbele kutoka pale, na kutoka pale jambo lilikuwa bado.

Pana tena mtego wa sikio. Katika “hatukuja” mwasikia -ja, na katika “haijafika” mwasikia -ja-. Lakini si ndugu. Katika “hatukuja” ile ja ni kitendo chenyewe, kuja, na alama ya wakati ni ku. Katika “haijafika” ile ja ni alama ya wakati, na kitendo ni fika. Mkitaka kuziona zote mbili pamoja, tazameni neno “hatujaja.” Ja ya kwanza ni alama ya wakati, na ya pili ni kitendo. Hatukuja: siku ile ilipita bila sisi. Hatujaja: tungojeeni. Tofauti ya silabi moja ndiyo iliyofanya watu wa Kizimkazi wakeshe na chakula.

Yako makosa mengine mawili tuyaonayo mara kwa mara katika madaftari. Moja ni kuchanganya alama ya kukubali na kiambishi cha kukanusha, kama “hatulikuja” na “haimefika.” Haya hayasemwi. Ile -li- na ile -me- hazikai pamoja na ha- wala si- ya mbele. Ha- au si- ikiingia, zenyewe hutoka, na mahali pake huingia -ku- au -ja-. Lakini alama ya wakati ujao, -ta-, haitoki: nitakwenda, sitakwenda, tutakuja, hatutakuja, itafika, haitafika. Labda ndiyo inayowapoteza wanafunzi, kwa kuwa wakiiona imebaki huku hudhani ya kuwa zote hubaki.

Kosa la pili ni kukata neno vipande: “si kwenda,” “ha tukuja,” “hai ja fika.” Kitendo cha Kiswahili pamoja na viambishi vyake ni neno moja, huandikwa bila nafasi. Katika “ha tukuja” msomaji hukwaa tu, kisha akafahamu. Lakini “si kwenda” ni hatari zaidi, kwa kuwa nayo ni maneno sahihi yenye maana nyingine. “Nia yangu si kwenda, bali kukaa” ni sentensi njema. Hapo “si” yakanusha jina la kitendo, wala haisemi habari za jana. Basi aandikaye “Ijumaa si kwenda Malindi” amewaachia wasomaji kitendawili.

Hapa twakumbuka jambo la zamani. Waya wa simu uliopitishwa chini ya bahari kutoka Adeni ulifika Unguja mwaka 1879. Tangu zamani hizo, mtu aliyepeleka simu ya maandishi alilipa kwa hesabu ya maneno. Katika hesabu namna hiyo, “sikwenda” ni neno moja, na “si kwenda” ni mawili. Siku za kulipia simu kwa kuhesabu maneno zimepita, lakini mtu aandikaye kwa kifupi angali na haja ile ile: kila neno libebe mzigo wake, kwa kuwa hapana sentensi ya pili ya kulisahihisha la kwanza. Katika barua ndefu, mjomba angesoma habari za upepo wa Tanga, naye angefahamu tu hata kama “haikufika” si neno la mahali pale. Katika kikaratasi cha mistari miwili, hakuwa na kingine cha kushika ila ile -ku-.

Twasema tena neno moja kwa ndugu zetu wa shamba. Kusini ya Unguja, Makunduchi na Kizimkazi, kuna Kikae, na kaskazini kuna Kitumbatu. Nazo zina njia zao za kuonyesha wakati na za kukanusha, zisizofanana na za mjini. Si makosa, ni kanuni nyingine. Lakini mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja cha mjini ndicho kilichochaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakifuata kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Ndiyo sababu kanuni za -ku- na -ja- tulizozieleza ndizo azisomazo mtoto wa Bukoba na wa Kisumu pia. Mtoto wa Kizimkazi na aseme Kikae na bibi yake bila haya. Lakini anapoandika ujumbe utakaosomwa na mtu wa mbali, na ashike kanuni hizi ambazo wote wawili wamefundishwa.

Kanuni hiyo moja haibadiliki, lakini kiambishi cha mbele hubadilika kwa kufuata jina linalotajwa. Twasema injini haijafika, barua haijafika; lakini zikiwa barua nyingi, hazijafika. Mzigo haujafika, mizigo haijafika. Sanduku halijafika, masanduku hayajafika. Chakula hakijafika, vyakula havijafika. Mgeni hajafika, wageni hawajafika. Katika yote haya -ja- imekaa mahali pake, haikutikisika. Kwa hiyo aandikaye na aamue kwanza wakati, kisha atafute kiambishi cha jina lake.

Sasa turudi kwenye kikaratasi chetu, tukipime neno kwa neno, kama mwalimu afanyavyo mbele ya ubao.

Kijana aliandika, “Ijumaa sijaenda Malindi.” Twauliza: je, siku imetajwa? Imetajwa, nayo imepita. Je, pana “tangu”? Hapana. Basi ni -ku-. Jina la kitendo ni kwenda, twatanguliza si-, twapata “sikwenda.” Mjomba akisoma hivyo, afahamu ya kuwa safari ile ya Ijumaa haikuwako.

Akaandika, “mimi na ndugu yangu hatujaja.” Twauliza: je, alitaka kusema ya kuwa waja leo? La. Alieleza kwa nini hawakuonekana Ijumaa. Swali lililo moyoni mwa mjomba ni “Mbona hamkuja?” nalo ni swali la siku iliyopita. Hatu- na kuja ni “hatukuja.” Mjomba akisoma hivyo, hapiki.

Akaandika, “injini haikufika.” Twauliza: je, tumaini limekatika? La, jahazi langoja upepo, na injini imo. Swali ni “Imefika?” nalo ni la -me-. Basi jibu ni -ja-: “haijafika.” Mjomba akisoma hivyo, hakodi ya mtu, atulia akangoja siku mbili.

Tukitaka kumpa shauri moja zaidi kijana yule, tungemwambia aongeze maneno manne: “jahazi lasubiri upepo Tanga.” Maana kanuni ya lugha hulinda maana, lakini msomaji naye aweza kukosea, na habari ndogo ya ziada humshika mkono.

Nanyi wanafunzi, kabla ya kuufunga ukurasa huu, jaribuni haya matatu. Kanusheni “meli ilifika jana,” kisha “meli imefika,” kisha “tangu jana wageni wamekuja.” La kwanza ni “meli haikufika jana.” La pili ni “meli haijafika.” Na aliyejibu la tatu “tangu jana wageni hawajaja,” bila kuongeza wala kupunguza silabi, huyo amefahamu, naye aweza kukabidhiwa kikaratasi cha mjomba.